Pima dili kabla hazijawa pesa: mwongozo wa kupima timu ya mauzo

Tunauza majiko ya taasisi, yale makubwa ya kuokoa kuni yanayopikia shule, hoteli na hospitali. Ofisi iko Kisumu, lakini wauzaji wawili ninaowazungumzia hapa hawakai Kisumu. Mmoja anashughulikia upande wa Nakuru, kuanzia Njoro na Gilgil hadi Naivasha. Mwenzake ana Kakamega, Mumias, Butere na Vihiga yote. Nitawaita Nakuru na Kakamega.

Mwisho wa Machi niliweka hesabu yao mezani. Tangu Januari, Nakuru alikuwa ameuza majiko ya shilingi 2,400,000. Kakamega alikuwa ameuza ya shilingi 960,000. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo hesabu pekee niliyokuwa nikiitazama, na kwa hesabu hiyo Nakuru angepongezwa na Kakamega angepewa barua ya onyo. Mwaka huo nilikuwa nimeanza kuandika mambo mengine matatu kando ya mauzo: dili zilizo wazi zina thamani gani, kati ya dili zinazofikia mwisho ngapi zinauzwa, na dili moja inachukua siku ngapi kutoka mwanzo hadi oda. Mambo hayo matatu yalinipa picha tofauti, tena ikabadilika mara mbili kabla sijaielewa. Nitaeleza jinsi ya kuyapima, kisha nirudi kwa hao wawili.

Hatua ya kwanza: kubalianeni dili inaanza lini na inaisha lini

Watu wengi huruka hatua hii, halafu hesabu zote zinazofuata zinakuwa bure. Muuzaji mmoja akiandika kila mtu aliyechukua karatasi ya bei, na mwingine akiandika wale tu walioahidi kununua, huwezi kuwalinganisha hata ukiwa na kompyuta nzuri namna gani.

Kwetu, mteja haingii kwenye paiplaini, yaani orodha ya dili zilizo wazi, mpaka mambo manne yajulikane: muuzaji ameingia jikoni na kupima mahali jiko litakapokaa, anajua watu wangapi wanapikiwa, anajua ni nani anayeamua, na anajua pesa itatoka lini. Likikosekana moja, mteja anabaki kwenye daftari la simu.

Nasisitiza kuingia jikoni kwa sababu moja. Shule za umma hununua kwa sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, na zinapotumia njia ya kotesheni zinatakiwa kuomba bei kwa wauzaji wasiopungua watatu, isipokuwa pale isipowezekana. Kwa hiyo kuna kotesheni unayoombwa kwa sababu wanataka jiko lako, na kuna kotesheni unayoombwa ili karatasi zifike tatu. Hii ya pili utaitambua. Mhasibu anapiga simu asubuhi, anataka karatasi yenye muhuri kabla ya saa nane, haulizi uzito wa chuma wala muda wa dhamana, na ukimwambia ungependa kuja kuona jiko lao la sasa anasema hakuna haja. Mpe karatasi kwa heshima, lakini usiihesabu kama dili. Ukizihesabu, paiplaini itavimba, halafu baadaye muuzaji ataonekana hajui kuuza.

Mwisho wa dili nao uwe wazi. Kwa mteja wa binafsi, dili imeuzwa siku malipo ya awali yanapoingia. Kwa shule ya umma, imeuzwa siku oda iliyosainiwa na kupigwa muhuri inapofika mkononi. Kuikusanya pesa yenyewe ni kazi nyingine, na ina hesabu yake.

Hatua ya pili: jedwali moja, mstari mmoja kwa kila dili

Sisi tunatumia Google Sheets kwa sababu wauzaji wanaifungua kwenye simu wakiwa njiani. Safu ya A ni mteja, B ni muuzaji, C ni aina ya mteja, D ni tarehe dili ilipoingia, E ni thamani, F ni tarehe ya hatua inayofuata, G ni tarehe dili ilipofikia mwisho, H ni hali yake. Hali ni tatu tu: Wazi, Imeuzwa, Imekufa. Safu ya I inatoa siku, yaani G kutoa D, na J ni ya maelezo.

Paiplaini ya muuzaji ni jumla ya thamani ya dili zake zilizo wazi leo:

```
=SUMIFS(E:E, B:B, "Kakamega", H:H, "Wazi")
```

Kiwango cha kuuza unakipata kwa kuchukua dili zilizouzwa na kuzigawa kwa zote zilizofikia mwisho katika kipindi hicho, yaani zilizouzwa pamoja na zilizokufa. Kwanza unahesabu zilizouzwa:

```
=COUNTIFS(B:B, "Kakamega", H:H, "Imeuzwa", G:G, ">="&DATE(2025,1,1))
```

Unarudia fomula hiyo ukiweka "Imekufa", halafu unagawa.

Hapa kuna kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya kwa mwaka mzima. Nilikuwa nagawa dili zilizouzwa mwezi huu kwa dili zilizoingia mwezi huu. Inaonekana sawa, lakini si sawa, kwa sababu si dili zilezile. Januari shule zinafunguliwa, muuzaji anazunguka, dili 14 zinaingia na moja inauzwa, nami nasema ana asilimia 7. Aprili shule zimefungwa, zinaingia mbili na kuuzwa tatu ambazo zilianza zamani, nami nasema ana asilimia 150. Ukiona kiwango kinachopanda na kushuka namna hiyo, jua unagawa watoto wa nyumba moja kwa sahani za nyumba nyingine.

Siku za dili usizipime kwa wastani wa kawaida. Shule moja iliyokaa miezi 14 kwa sababu ya mzozo wa bodi itaharibu hesabu ya dili kumi. Tumia siku ya katikati, ile ambayo nusu ya dili zimechukua chini yake na nusu juu yake:

```
=MEDIAN(FILTER(I2:I500, B2:B500="Kakamega", H2:H500="Imeuzwa"))
```

Hatua ya tatu: soma hesabu tatu kwa pamoja

Sasa turudi Machi. Nakuru alikuwa na dili 6 wazi, zenye thamani ya shilingi 1,440,000. Katika miezi ile mitatu dili zake 20 zilikuwa zimefikia mwisho na 8 ziliuzwa, yaani asilimia 40. Siku zake za katikati zilikuwa 30. Kakamega alikuwa na dili 26 wazi, shilingi 6,240,000. Dili 16 zilifikia mwisho na 4 ziliuzwa, asilimia 25. Siku zake zilikuwa 75.

Hesabu inayounganisha yote ni rahisi: chukua thamani ya paiplaini, zidisha kwa kiwango cha kuuza, gawa kwa siku. Unapata kasi, yaani shilingi ambazo paiplaini hiyo inaweza kuzaa kwa siku.

Kwa Nakuru, 1,440,000 mara 0.40 ni 576,000. Gawa kwa 30, unapata shilingi 19,200 kwa siku. Kwa Kakamega, 6,240,000 mara 0.25 ni 1,560,000. Gawa kwa 75, unapata 20,800.

Nilipoona hivyo nilirudia hesabu mara mbili. Mtu niliyetaka kumwandikia onyo alikuwa mbele kidogo. Na yule wa kupongezwa alikuwa amebakiwa na shilingi 576,000 za kutarajia, kisha basi. Nilipofungua mistari yake nikaelewa. Ile milioni 2.4 ilikuwa na hoteli moja ya Naivasha ya shilingi 720,000, na tangu apate oda hiyo alikuwa akifuatilia usafirishaji na ujenzi wake. Mwezi wote wa Machi aliingiza dili mbili tu. Mauzo yake yalikuwa mazuri kwa sababu ya kazi ya Novemba na Desemba. Ukame aliouanzisha Machi ungeonekana kwenye mauzo mwisho wa Aprili, wakati ambapo ningekuwa nimeshampa zawadi.

Kumbuka mpaka wa hesabu hii: inachukulia kwamba paiplaini inajazwa kadiri inavyotumika. Ndiyo sababu kando yake naandika dili ngapi mpya zimeingia kila wiki. Bila hiyo, kasi ya Nakuru ingenidanganya kwa mwezi mzima zaidi.

Hatua ya nne: safisha paiplaini kabla ya kuamini

Jumatatu iliyofuata nilimwita Kakamega aje Kisumu. Alikuja na daftari lake la jalada jeusi, tukaketi na jedwali limefunguliwa mbele yetu, nikaanza kuuliza dili moja baada ya nyingine.

"Hii shule ya Butere?"

"Madamu, hiyo iko karibu sana. Mwalimu mkuu alisema nimpigie wiki ijayo."

"Alisema lini?"

Akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa nyingi, akanyamaza kidogo. "Mwezi wa kumi."

Hakuwa mwongo. Muuzaji hupenda dili zake, na kuiua dili kunamuuma kama kukata mti alioupanda. Kwa hiyo tuliweka kanuni ili isiwe suala la moyo: dili iliyokaa zaidi ya mara mbili ya siku za kawaida za aina hiyo ya mteja, na haina tarehe ya hatua inayofuata kwenye safu ya F, inaandikwa Imekufa. "Nitampigia" si hatua. Hatua ni "tarehe 12 nampeleka mpishi wao kuona jiko letu katika shule ya Khayega". Mteja akirudi baadaye, tunafufua mstari uleule na tarehe yake ya kwanza. Tukifungua mstari mpya, siku za dili zitaonekana fupi kumbe si fupi.

Dili 9 kati ya 26 zilikuwa na zaidi ya siku 150 bila tarehe. Tukaziua, na hapo ndipo picha ilipobadilika mara ya pili, kwa sababu kusafisha kunapiga pande mbili. Paiplaini ilishuka hadi dili 17, shilingi 4,080,000. Lakini kiwango nacho kilishuka, maana sasa dili zilizofikia mwisho hazikuwa 16 bali 25, na zilizouzwa ni 4 zilezile. Asilimia 25 ikawa 16. Zidisha 4,080,000 kwa 0.16, gawa kwa 75, unapata kama shilingi 8,700 kwa siku. Chini ya nusu ya ile ya mwanzo.

Kwa hiyo mtu asikuonyeshe kiwango kizuri cha kuuza kabla hujauliza dili zake zilizo wazi zina umri gani. Kiwango kizuri mara nyingi ni dili zilizokufa ambazo hazijazikwa. Hata siku za dili zina kasoro hiyohiyo: zinapimwa kwa zilizouzwa tu, na zile zinazozeeka kimya hazimo. Dawa yake ni kupanga jedwali kwa safu ya D, za zamani juu, na kusoma kumi za kwanza kila mwezi.

Hatua ya tano: tafuta mahali zinapokwama, kwa kila aina ya mteja

Je, Kakamega alikuwa muuzaji mbaya basi? Hapa ndipo safu ya C ilipotusaidia. Wateja wa Nakuru karibu wote walikuwa hoteli na shule za binafsi. Mwenye mali anaona jiko, anauliza bei, anaita fundi wake, na ndani ya mwezi ameamua peke yake. Wateja wa Kakamega karibu wote walikuwa shule za umma, na huko uamuzi ni wa bodi. Kuwaweka wawili hawa kwenye mizani moja ni kama kupima maharagwe na mahindi kwa kuchemsha dakika zilezile. Tulipotoa dili chache za binafsi alizokuwa nazo Kakamega na kuzitazama peke yake, zilikuwa zinakwenda upesi kama za Nakuru.

Tukasoma safu ya maelezo ya zile 17. Kumi na moja zilikuwa mahali pamoja: kotesheni imepelekwa, bodi haijakaa. Bodi nyingi za shule tunazouzia hukutana mara moja kwa muhula. Muuzaji akipeleka kotesheni wiki moja baada ya kikao, ile karatasi italala kwenye faili mpaka muhula ujao, na kufikia hapo bei ya chuma imebadilika na mwalimu mkuu pengine amehamishwa. Kakamega alikuwa akipeleka kotesheni zake siku yoyote anapomaliza kupima jiko. Ugonjwa ulikuwa wa tarehe.

Tulibadilisha mambo mawili. Kuanzia muhula wa pili, tarehe ya kikao cha bodi ikawa sharti la tano la kuingia kwenye paiplaini, na inaandikwa kwenye safu ya F. Na kabla ya kikao, mjumbe mmoja wa bodi pamoja na mpishi wa shule wanapelekwa kuona jiko linalofanya kazi katika shule jirani. Mpishi ana sauti kuliko wengi wanavyodhani. Yeye ndiye anayevuta moshi kila siku, na akisema kwenye kikao kwamba ameona sufuria ya lita 300 ikichemka kwa kuni chache, bodi inamsikiliza.

Kati ya dili 11 zilizopangwa hivyo kabla ya vikao vya muhula huo, 5 ziliuzwa, na siku za katikati zikawa 41. Sisemi hiyo sasa ndiyo hali yake ya kudumu. Idadi ni ndogo. Hata ile asilimia 25 ya mwanzo, angeuza dili moja zaidi kati ya zile 16 ingekuwa 31. Kwa muuzaji mwenye dili chache, soma kiwango kwa mihula miwili pamoja, usimhukumu kwa mwezi.

Zabuni za kaunti ziweke kwenye kundi lake la tatu. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, na dili hizo hufuata kalenda hiyo, si bidii ya muuzaji.

Hatua ya sita: geuza tageti iwe kazi ya wiki

Tageti ya shilingi 720,000 kwa mwezi haimwambii muuzaji aamke afanye nini. Igeuze. Kwa dili ya wastani ya shilingi 240,000, hiyo ni dili tatu. Nakuru, kwa asilimia 40, anahitaji kuingiza dili nane kwa mwezi, mbili kila wiki, na ziingie mwezi mmoja kabla. Kakamega, kwa asilimia 16, angehitaji 19 kwa mwezi, na za kuuzwa mwisho wa Julai ziwe zimeingia kufikia katikati ya Mei. Ukishaona 19 unajua kwamba kumwambia aongeze safari za pikipiki si jibu. Barabara ya Mumias hadi Luanda haina siku za kutosha. Lazima kiwango kipande au siku zipungue. Nakuru naye hahitaji mafunzo ya kuuza. Anahitaji mtu mwingine afuatilie ujenzi wa majiko ili yeye arudi kutafuta wateja, na hicho ndicho tulichofanya: fundi mkuu alichukua kazi hiyo.

Hatua ya saba: usilipe kamisheni kwa hesabu hizi

Nililijaribu hili kwa robo moja, nikalijutia. Nililipa nyongeza kwa ukubwa wa paiplaini, na ndani ya wiki sita kila hoteli kuanzia Kondele hadi Ahero ilikuwa kwenye jedwali. Ukilipa kwa kiwango cha kuuza au kwa ufupi wa siku, kinyume chake hutokea: muuzaji anaificha dili kwenye daftari mpaka awe na uhakika, halafu anaiingiza Jumatatu na kuiuza Alhamisi. Dalili ni hiyo hasa, dili inayoingia na kuuzwa wiki moja. Ukiiona, mwombe mfungue WhatsApp pamoja muone ujumbe wa kwanza na mteja huyo ulikuwa wa tarehe gani, kisha mrekebishe safu ya D pamoja, bila kelele.

Kamisheni yetu imebaki kwenye pesa iliyokusanywa. Hesabu hizi tatu ni za kikao cha Jumatatu. Kila muuzaji ana dakika 20: dili zilizoingia wiki iliyopita, kumi za zamani zaidi, na zile ambazo tarehe ya safu ya F imepita. Kwa kila iliyopita tarehe, anaweka tarehe mpya yenye jina la mtu na mahali, au anaandika Imekufa palepale.